Nyama yenye mabaka ya kijivu: je, ni sumu?

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi akina mama wenye kutunza vyakula vya nyumba, leo tuzungumze juu ya nyama inayokaa muda mrefu ndani ya kongelateri. Jambo lenyewe lililetwa kwangu na mama mmoja wa hapa Munigi, ambaye alifika dispanseri asubuhi akiwa amebeba ndoo yenye kifuniko. Nilifikiri ameleta choo cha mtoto ili kipimwe. Kumbe ndani yake mlikuwa na sashe ya nyama ya ng'ombe, ngumu kama jiwe.

Nyama hiyo waliinunua wakati wa Noeli, kilo mbili kamili, na nusu ya mwaka ilikuwa karibu kupita. Siku hiyo alipoitoa ili aipike, aliona upande mmoja wote una mabaka ya kijivu, makavu, yanayofanana na karatasi ya karatoni iliyolowa kisha ikakauka. Mama mkwe wake alisema kwamba hiyo ni nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa na mwuzaji aliwadanganya. Mume wake alisema kwamba hakufanya kazi ya usiku mwezi mzima ili nyama itupwe mbwa. Kila mtu alikuwa amekasirika. Ndipo mama akasema, «Munganga atuamulie.»

Niliipeleka nyama mezani na kuitazama vizuri, na ninyi pia nataka muitazame pamoja nami, kwa sababu mabaka hayo yanajulikana kwa macho na kwa vidole mtu akishajua atafute nini.

Kwanza, baka lilikuwa bapa, tena kavu. Nilipopitisha kidole halikuacha utelezi wala unga. Pili, lilikuwa pale tu ambapo plastiki ya sashe haikugusa nyama: kwenye pembe, na juu ya mfupa uliotoboa tundu dogo. Mahali plastiki ilipokuwa imeshikamana na nyama, rangi ilikuwa nyekundu nzito kama kawaida. Tatu, ndani ya sashe mlikuwa na barafu nyingi nyeupe, nyepesi kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Mama alidhani maji hayo yaliingia kutoka nje. Nilimwambia kwamba hayo ni maji ya nyama yake mwenyewe.

Ili aamini, nilichukua mizani yetu ya kupimia chakula cha watoto dhaifu. Nyama peke yake ilikuwa na gramu 1,890. Barafu niliyoikung'uta kutoka katika sashe ilikuwa na gramu 85. Jumla ni 1,975. Gramu 25 zilizobaki zilitoka katika lile tundu la mfupa na bila shaka zilikwenda kujibandika kwenye kuta za kongelateri, pamoja na ile barafu nene ambayo kila nyumba inaijua. Hakuna kitu kilichoongezeka ndani ya nyama ile. Kitu kimepungua tu, nacho ni maji.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Nyama mbichi isiyo na mafuta mengi ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kilo moja, karibu robo tatu ni maji. Tukiigandisha, maji hayo yanakuwa chembe za barafu ndani ya nyuzi za nyama. Watu wengi hufikiri kwamba barafu ni lazima iyeyuke kwanza iwe maji, ndipo maji yakauke. Sivyo. Barafu inaweza kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, ikiwa hewa inayoizunguka ni kavu, na hewa ya ndani ya kongelateri ni kavu sana. Chembe za barafu zilizo juu ya nyama zinaondoka polepole, kisha zile za chini yake, na mahali zilipokuwa panabaki matundu madogo matupu yasiyoonekana kwa jicho. Nyama iliyojaa matundu ya namna hiyo hurudisha nuru na kuonekana nyeupe au kijivu, kama vile povu la sabuni huonekana jeupe hata kama sabuni yenyewe ni ya buluu. Tena hewa ikiingia katika matundu hayo inakutana na ile dawa nyekundu ya asili iliyo katika nyama na kuigeuza rangi ya udongo. Wazungu waliliita jambo hilo kuungua kwa baridi. Moto haumo kabisa. Ni kukauka tu.

Kwa hiyo ndugu anayeniuliza kama baka la kijivu ni sumu, ninamjibu wazi: hapana. Sehemu ile ni nyama iliyokauka. Hakuna kidudu kilichoifanya, wala hakuna dawa mbaya iliyozaliwa ndani yake. Vidudu vinavyoozesha nyama vinahitaji maji na joto ili vizaliane, na katika digri 18 chini ya sifuri haviwezi, na pale palipokauka vinakosa hata maji. Sisi waganga tunatumia njia ileile kwa makusudi. Ile chupa ndogo ya chanjo ya surua mnayoiona kwa muuguzi, yenye unga mkavu chini, imetengenezwa hivyo: dawa iligandishwa, kisha barafu yake ikaondolewa kwa mvuke ndani ya mashini. Ndiyo sababu muuguzi analeta kwanza maji yake maalumu na kuyachanganya kabla ya kuchanja. Mtoto wako alipochanjwa, alipata kitu kilichokaushwa kwa baridi, na kilimlinda.

Lakini kusema kwamba si sumu si kusema kwamba ni chakula kizuri. Sehemu iliyokauka hairudi tena kuwa kama mwanzo. Hata ukiilaza ndani ya maji usiku kucha, nyuzi zake zimekwisha kugandamana na hazinywi maji kama zamani. Ukiipika inabaki kama kamba kati ya meno. Na mafuta yana shida yake. Hewa iliyoingia mahali pakavu inayaharibu mafuta polepole hata katika baridi kali, na yanapata harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara nyingi. Harufu hiyo haitakupeleka hospitali, ila itaharibu sufuria nzima ya mchuzi. Ndiyo sababu kuku na samaki wenye mafuta hawavumilii muda mrefu kama nyama kavu ya ng'ombe, na nyama ya kusaga inachoka mapema kuliko zote, maana mashini imeipasua na kuiingizia hewa kila mahali. Kwa nyama ya kusaga mimi sipitishi miezi mitatu au minne. Kipande kizima cha ng'ombe kilichofungwa vizuri kinaweza kumaliza miezi tisa na zaidi. Hesabu hizo ni za utamu tu. Kitu kilichokaa kimegandishwa kweli, bila kuyeyuka hata siku moja, hakigeuki kuwa hatari kwa sababu ya tarehe.

Tulifanya nini na nyama ya yule mama? Tuliiacha ilainike kidogo, kwa maana nyama yenye ubaridi ni rahisi kukatwa kuliko iliyolegea kabisa. Kwa kisu kikali tulikata mabaka, na tukaona kwamba ukavu ulikuwa umeingia kama milimita tatu tu, isipokuwa karibu na mfupa ambapo ulifika karibu sentimita moja. Vipande vya kutupwa vilikuwa na gramu 140. Zilibaki gramu 1,750 pamoja na mfupa, nyekundu, zenye harufu ya nyama tu. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja nyuma yetu bila kuitwa, alinusa mwenyewe mara mbili akanyamaza. Nilimshauri mama asiichome mishikaki, kwa sababu nyama iliyokwisha kupoteza maji ikiwekwa juu ya makala inapoteza hata yale machache yaliyobaki. Aikate vipande vidogo, aipike na nyanya na kitunguu kwa moto mdogo muda mrefu, sufuria ikiwa imefunikwa. Jirani zake wengine huipika ndani ya sombe, na hiyo pia ni akili nzuri.

Sasa tuangalie kwa nini nyama yake ilikauka hivyo, na jirani yake mwenye kongelateri ya namna ileile hapati mabaka. Sababu ya kwanza tumekwisha kuiona, ni hewa kati ya sashe na nyama. Sababu ya pili hapa kwetu ni kukatika kwa umeme. Umeme ukienda saa kadhaa, nyama haiyeyuki, lakini inapata joto kidogo, tuseme kutoka digri 18 chini ya sifuri hadi 8 chini ya sifuri. Umeme ukirudi, mashini inapoza kwanza hewa na plastiki, na nyama ndani yake inachelewa. Basi mvuke unatoka katika nyama iliyo na joto zaidi na kwenda kuganda juu ya plastiki iliyo baridi zaidi. Kesho umeme unakatika tena, na safari ile inarudiwa. Kila mara nyama inatoa maji kidogo na sashe inapata barafu kidogo. Anayefungua mfuniko mara ishirini kwa siku ili auzie watoto wa jirani maji baridi, anafanya kazi ileile hata kama umeme haukatiki. Sisemi aache biashara yake. Ninasema tu nyama yake isikae pale juu karibu na mfuniko. Aiweke chini kabisa, na maji ya kuuza yawe juu.

Dawa ya hewa ni ndogo na haina gharama. Weka nyama katika sashe safi, na uwe na ndoo ya maji karibu. Shusha sashe polepole ndani ya maji huku mdomo wake ukiwa wazi juu ya maji. Utaona maji yenyewe yanasukuma plastiki na kuibandika juu ya nyama pande zote, na hewa inatoka juu. Maji yakifika karibu na mdomo, kaza fundo. Kisha vaa sashe ya pili, kwa sababu zile za soko ni nyembamba na mfupa hautazikosa. Fanya vifurushi vidogo, vya sufuria moja kila kimoja, tena bapa kama kitabu. Kifurushi bapa kinaganda upesi, na barafu inayoganda upesi inakuwa ya chembe ndogo zisizopasua nyuzi za nyama. Kama nyama imetoka kwa mchinjaji ikiwa bado na joto la mnyama, usiirundike yote siku hiyo ndani ya kongelateri ndogo. Itapasha moto ile ya zamani, na katikati ya rundo patabaki joto kwa saa nyingi. Ipoze kwanza katika frigo kama unayo, au gandisha kidogo kidogo.

Kwa samaki kuna ujanja mwingine ambao wavuvi wa baharini na viwanda vyao wanautumia. Samaki akiisha kuganda kabisa, mtoe, mtumbukize upesi katika maji safi ya baridi sana, umrudishe. Maji yanaganda juu yake kama kioo. Rudia mara mbili au tatu. Kioo hicho ndicho kitakachogeuka mvuke kwanza, na samaki chini yake anabaki na maji yake. Samaki wa karatoni wanaotoka mbali mara nyingi wana kioo hicho, na wateja hunung'unika kwamba wanauziwa barafu. Wana haki kama kioo ni kinene kupita kiasi. Lakini kikiwa chembamba kinawasaidia.

Mpaka hapa mama na mama mkwe walikuwa wamepatana, nami ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo linalonihangaisha zaidi kuliko mabaka ya kijivu, nalo ni nyama isiyokuwa na baka lolote.

Kumbukeni mwezi wa 5 mwaka 2021. Jumamosi tarehe 22, jioni, Nyiragongo ilipasuka na moto wake ukashuka hadi Buhene, ukakata barabara ya Rutshuru. Umeme ulikatika katika sehemu nyingi za Goma. Siku tano baadaye, tarehe 27, serikali ya mkoa iliamuru watu wa kata kumi za Goma waondoke kwa sababu ya matetemeko, na watu wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya Rwanda. Ruhusa ya kurudi ilianza tarehe 7 mwezi wa 6. Hesabuni wenyewe: kuna nyumba ambazo kongelateri ilikaa siku zaidi ya kumi bila mtu wa kuitazama. Humo ndani umeme ulikwenda, nyama ikayeyuka, ikakaa katika joto la mchana siku kadhaa. Kisha mafundi wakarudisha umeme, na kabla mwenye nyumba hajafika, vyote viliganda upya.

Mtu wa namna hiyo anafungua nini? Anafungua nyama ngumu, baridi, nyekundu nyeusi, bila baka la kijivu, kwa sababu damu na maji yaliyotoka wakati wa kuyeyuka yaliizunguka nyama na kuganda juu yake kama kioo kile cha samaki. Haina harufu, kwa sababu baridi inafunga harufu. Kwa macho ni nzuri kuliko nyama ya yule mama wa Noeli. Na hiyo ndiyo inayoleta watu kwetu wakitapika.

Ni vizuri mfahamu kwamba kugandisha hakuui vidudu vingi. Kunavilaza tu. Nyama ikiyeyuka vinaamka na kuzaliana, na umeme ukirudi vinalala tena vikiwa vingi mara maelfu. Wengine hujibu, «Tutachemsha sana.» Hapa Munigi tuko juu, na maji yetu yanachemka karibu digri 95, wala si 100 kama kule chini baharini. Hata hivyo digri 95 zinatosha kuua vidudu vyenyewe, mradi zifike katikati ya nyama. Kisichokufa ni sumu ambayo baadhi ya vidudu hivyo wameisha kuitema ndani ya nyama. Iko moja inayotokana na vidudu vinavyoishi katika pua zetu na katika vidonda vya mikono. Ikiisha kuwamo, hata saa nzima ya kuchemsha haiiondoi. Mtu akila anatapika baada ya saa moja hadi sita, na watu wote waliokula sufuria ile wanaanza karibu pamoja. Vidudu vingine huchukua siku moja au tatu na kuleta kuharisha na homa. Mgonjwa wa namna hiyo anyweshwe maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto asiyeweza kunywa, au anayelegea, au mwenye damu katika choo, aletwe dispanseri mara moja, hata usiku.

Basi kongelateri iliyoyeyuka na kuganda tena tuijueje? Nyama yenyewe ina alama chache. Vifurushi vilivyowekwa kimoja kimoja vimeshikamana vikawa bonge moja. Nyama imechukua umbo la kitu kilichokuwa chini yake, kwa mfano mistari ya kikapu cha chuma. Chini ya sashe au chini ya kongelateri kuna barafu nyekundu, bapa na ngumu, si ile nyeupe nyepesi ya kwenye sashe ya mama. Karatoni ya samaki imelegea na ina madoa. Ukiona moja ya alama hizo, usiulize kuhusu mabaka tena. Na sokoni tazameni alama hizohizo kabla ya kulipa: kuku mwenye baka jeupe kwenye kidari nitamnunua nikiombewa bei ndogo, kuku aliyelala ndani ya barafu nyekundu nitamwacha hata akitolewa bure.

Ukungu pia msiuchanganye na baka. Ukungu una manyoya, una rangi ya kijani au nyeusi au nyeupe ya pamba, na huota penye unyevu, kama kongelateri imekaa muda mrefu bila baridi ya kutosha. Baka la ukavu halina manyoya na huwezi kulifuta kwa kitambaa, kwa sababu ni nyama yenyewe.

Alama hizo zinasaidia, lakini zinaweza kukosa. Kwa hiyo ninawaomba muweke mlinzi ndani ya kongelateri, mlinzi asiyelala. Chukua kikombe, jaza maji, gandisha mpaka yawe barafu kabisa. Kisha weka kitu kidogo kizito juu ya barafu na ukirudishe kikombe mahali pake, katikati ya vyakula. Katika nchi nyingine hutumia sarafu. Sisi pesa zetu ni za karatasi, basi wafanyakazi wa karakana watumie ekru kuukuu iliyosafishwa. Msitumie jiwe letu jepesi la volkano lenye matundu, maana mengine yanaelea na yatawadanganya. Wakati wowote mkirudi nyumbani baada ya safari, au baada ya umeme kukatika, tazameni kikombe kwanza.

Ekru ikiwa bado juu ya barafu, vyakula havikuyeyuka, na mabaka yoyote mtakayoona ni ukavu tu, mkate, mpike. Ikiwa imelala chini kabisa ya kikombe na barafu iko juu yake, maji yote yaliyeyuka, na nyama pia. Hapo hakuna cha kuonja. Nyama, kuku na samaki vyote vifukiwe shimoni, mbali na mbwa na watoto, na kongelateri ioshwe kwa maji ya sabuni, kisha kwa maji yenye javeli kidogo, iachwe wazi ikauke.

Mkikuta ekru imezama katikati, kumbukeni umeme ulikatika muda gani. Kongelateri iliyojaa, ambayo mfuniko wake haukufunguliwa, hushika baridi karibu siku mbili. Iliyojaa nusu, karibu siku moja. Ndiyo sababu ni vizuri kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji, na kuzuia kila mtu asifungue ili «aone tu kama bado.» Mkiwa nyumbani wakati umeme unakosekana, guseni kila kifurushi mara moja tu, siku umeme unaporudi au muda huo unapokwisha. Kilicho bado na chembe za barafu ndani, au kilicho baridi kama kitu kilichotoka frigo, kipikeni siku hiyo, au kirudisheni kigande. Kitapoteza maji na utamu, na mwezi ujao labda kitakuwa na baka la kijivu, lakini hakitawadhuru. Kilicholegea na kupata joto kwa zaidi ya saa mbili, msikirudishe. Na kama hamkuwapo nyumbani, na ekru iko katikati, na hakuna jirani anayejua saa za umeme, nyama ya kusaga, kuku na samaki mvitupe. Kipande kikubwa cha ng'ombe kilicho katikati ya rundo, kisicho na barafu nyekundu wala kilichobadilika umbo, mnaweza kukileta tukitazame pamoja, kabla hakijaingia sufuriani.